Pleti imeota, lakini koloni haijajitenga: namna ya kusoma makosa yako kwenye agari

Pleti ya agari ya kuoteshea bakteria ikitoka kwenye inkubeta asubuhi imefunikwa utando mmoja kuanzia ukingo hadi ukingo, mkono wa kwanza huenda kwenye ndoo ya taka. Uzuie. Pleti iliyoharibika imeandika yenyewe jinsi ilivyoharibiwa, na ukijua kuisoma, ya kesho itatoka vizuri. Nimefundisha wanafunzi wa mazoezi kwenye benchi la bakteria kwa miaka kadhaa, na karibu makosa yote ninayoyaona ni yale yale machache.

Nitatumia sampuli moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: swabu ya usaha kutoka kwenye kidonda cha muda mrefu mguuni. Chini ya hadubini, kwa rangi ya Gram, ilionyesha vitu viwili: viduara vya zambarau vilivyokusanyika kama kichala cha zabibu, na vijiti vya waridi. Yaani bakteria wa aina mbili kwa uchache. Kazi yetu ilikuwa kumpata kila mmoja peke yake, kwa sababu kipimo cha dawa, yaani cha kujua ni dawa ipi inawazuia bakteria, kikifanyiwa mchanganyiko hutoa jibu lisilo la yeyote kati yao.

Kwanza, mchoro wenyewe unavyotakiwa kwenda

Andika jina na tarehe chini ya pleti, kwenye upande wenye agari. Usiandike kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Gusisha swabu kwenye ukingo mmoja tu, eneo lisilozidi robo ya pleti. Hilo ndilo eneo la kwanza, na hapo bakteria watakuwa wengi mno. Hatutarajii koloni moja moja.

Choma lupu, ule waya wenye kitanzi nchani, mpaka waya wote uwe mwekundu, kisha uiache ipoe. Geuza pleti robo mzunguko. Pitisha lupu ndani ya eneo la kwanza mara mbili au tatu tu, halafu endelea kuchora mistari ya kwenda na kurudi kwenye agari safi bila kurudi tena ulikotoka. Choma, poza, geuza. Sasa chukua kidogo kutoka eneo la pili upeleke la tatu. Choma tena, poza, geuza, na kwenye eneo la nne chora mistari iliyoachana, ukijihadhari usiguse eneo la kwanza ambalo sasa liko jirani kabisa. Funika, pindua pleti juu chini, weka kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24.

Kwa nini kuchoma kila mara? Hesabu ndogo inatosha. Supu ya bakteria iliyoota usiku kucha inaweza kuwa na seli kama bilioni moja katika mililita moja. Lupu ya mikrolita 1 inabeba basi seli milioni moja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila unapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine kwa lupu safi unachukua seli moja katika kila 50. Eneo la pili litapata seli 20,000, la tatu 400, la nne 8. Seli nane kwenye robo nzima ya pleti zina nafasi ya kukaa mbalimbali, na kila moja itajijengea koloni yake. Mchoro huu ni mashine ya kupunguza, na kila kosa tutakaloliona hapa chini ni mahali ambapo mashine hiyo ilikwama au ilipunguza kupita kiasi.

Dalili: imejaa mpaka eneo la nne

Ukiona mistari yote minene, hata ya mwisho, tazama kwanza tofauti kati ya maeneo. Kama unene unapungua polepole bila ngazi yoyote, kana kwamba mtu alichora mstari mmoja mrefu, lupu haikuchomwa katikati. Waya uliobeba seli milioni moja umeendelea kuzimwaga tu. Pleti ya mtu aliyechoma ina ngazi zinazoonekana: nene, halafu ghafla nyembamba, halafu ghafla nyembamba zaidi.

Siku moja mwanafunzi alinijia na pleti ya namna hii amenuna. "Mwalimu, mimi nilichoma kila mara, hata dada hapa aliniona." Nilimwomba achore nyingine mbele yangu. Kweli alichoma kila mara. Lakini alipoingia eneo la pili, mkono wake ulirudi ndani ya eneo la kwanza kwa kila mstari, mistari kumi na zaidi, kama mtu anayefagia. Kila kurudi kulichota mzigo mpya. Nilimwambia ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, na baada ya tatu asirudi tena. Pleti ya kesho yake ilikuwa na koloni zaidi ya ishirini zilizojitenga.

Hiyo ndiyo tofauti ya kusoma: asiyechoma hana ngazi, na anayerudi mara nyingi ana ngazi lakini zote ni nene. Kuna dalili ya tatu, nayo ni ndogo na hupuuzwa: eneo la nne ni zuri, koloni zimeachana, isipokuwa upande mmoja ambako ghafla kuna mstari mnene. Fuata mstari huo kwa kidole juu ya kifuniko. Utaukuta umegusa eneo la kwanza. Tiba yake ni kufanya eneo la kwanza dogo zaidi, ili la nne lipate nafasi ya kugeukia.

Swabu iliyolowa usaha huleta tatizo lake. Ukiikandamiza na kuizungusha kwenye nusu ya pleti, umeshatumia nafasi yote kabla ya kuanza. Gusa sehemu ndogo, zungusha swabu mara moja, iache. Kwa wanaotumia lupu za plastiki zisizochomwa, chukua mpya kwa kila eneo. Najua wengi hutumia moja kwa pleti nzima ili kubana matumizi. Pleti ya usaha haisamehe jambo hilo, na kurudia kipimo kizima kunakula lupu nyingi zaidi.

Dalili: eneo la kwanza limeota, kisha kimya

Huu ni upande wa pili wa kosa. Eneo la kwanza limejaa vizuri, la pili na yanayofuata hayana kitu. Swali la kwanza: je, lupu ilikuwa ya moto?

Angalia pale mstari wa eneo la pili unapoanzia. Kama kuna kishimo laini chenye kingo zilizoyeyuka, au ulisikia "tsss" ulipogusa, jibu unalo. Agari haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Waya ulioweza kuiyeyusha ulikuwa umeshawaua bakteria wote uliowagusa. Na sifa hii ya kutoyeyuka ndiyo iliyoifanya agari ishinde jelatini: maabara ya Robert Koch ilikuwa ikihangaika na jelatini inayogeuka maji kwenye joto la mwili, mpaka Fanny Hesse, aliyekuwa akitumia agari jikoni kwake, alipoipendekeza mwaka 1881. Inatengenezwa kwa mwani, ingawa si mwani ule unaolimwa Zanzibar. Wa Zanzibar hutoa karajinani, kitu kingine.

Ili kupoza, hesabu polepole hadi kumi na tano, kisha gusisha lupu kwenye agari tupu ukingoni, mbali na bakteria. Isipolia, endelea. Usiipulizie wala kuipunga hewani ili ipoe haraka. Mdomo na hewa ya chumba vina bakteria wao.

Kama hakuna dalili ya kuyeyuka, sababu huenda ni ya amani zaidi: hukuvuka. Mstari wa eneo la pili ulianza pembeni ya la kwanza bila kuliingia. Inua pleti, itazame dhidi ya dirisha. Mikwaruzo myepesi ya lupu huonekana kwenye agari hata pasipoota kitu. Utaiona mistari ya eneo la pili ikisimama milimita mbili kabla ya kugusa. Na wakati mwingine hakuna kosa lolote: sampuli ilikuwa na bakteria wachache, koloni zimejitenga tayari kwenye eneo la kwanza. Chukua hizo, umeshamaliza.

Mikwaruzo ikiwa mirefu na imechimba agari, na bakteria wameota ndani ya mfereji kama uzi, tatizo ni pembe ya mkono. Lupu iliyosimama kama jembe hulima. Ilaze, ishike kwa wepesi wa kalamu unapoandika kwenye karatasi laini, uache uzito wa waya ufanye kazi. Kama waya umepinda au kitanzi hakijafunga, kinyooshe au kibadilishe kwanza, maana ncha iliyo wazi hukata agari hata mkononi mwa fundi.

Dalili: utando umefunika kila kitu

Hapa ndipo sampuli yetu ya kidonda ilipotukwamisha. Tuliichora kwenye agari ya damu, ngazi zote sawa, lupu ikachomwa na kupozwa. Asubuhi hapakuwa na koloni hata moja ya kuonyeshea kidole. Pleti nzima ilikuwa na utando mwembamba wa kijivu.

Utando una sababu mbili kubwa, na zinatibiwa kwa njia tofauti kabisa, kwa hiyo zitofautishe kabla ya kufanya lolote.

Ya kwanza ni maji. Pleti iliyotoka kwenye friji na kutumiwa papo hapo, hasa kwenye joto la unyevu la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, hutokwa jasho. Matone hujikusanya kwenye kifuniko na juu ya agari, na bakteria huogelea ndani yake kutoka eneo la kwanza hadi la nne. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa kisha ikapata joto tena, jasho huongezeka. Utando wa maji hauna mpangilio: una michirizi, umejikusanya upande ulioinama, na mara nyingi tone lenyewe bado linaonekana kwenye kifuniko. Pleti haikupinduliwa? Karibu hakika ni maji.

Dawa yake ni kukausha. Toa pleti kwenye friji mapema zifikie joto la chumba. Kisha ziweke kwenye inkubeta kwa dakika 20 hadi 30, agari ikiangalia chini na kifuniko kikiwa kimeachwa wazi kidogo. Uso wa agari uwe hauna matone ila usiwe umekunjamana. Agari iliyokauka kupita kiasi hupasuka na bakteria huota kwa shida.

Ya pili ni bakteria mwenye miguu, ukipenda kumwita hivyo. Proteus ana nyuzi nyingi za kuogelea, na kwenye agari yenye lishe kama ya damu huacha kukaa kwenye koloni na kutambaa kwa makundi. Hutambaa, husimama kuongezeka, hutambaa tena, na kila awamu huacha ukingo wake. Ndiyo maana utando wake una pete zinazopanuka moja nje ya nyingine, kama mawimbi kutoka pale jiwe lilipotumbukia kisimani. Itazame pleti kwa mwanga wa pembeni, ukiiinamisha taratibu, kwani utando huo unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana ukiangalia kutoka juu. Una harufu kali inayokufikia yenyewe. Usiinue kifuniko kuinusa, tabia hiyo iachwe kabisa kwenye benchi la bakteria.

Pleti yetu ilikuwa na pete nne, zote zikianzia eneo la kwanza. Kifuniko kilikuwa kikavu. Proteus, basi, na vile vijiti vya waridi vya kwenye hadubini vilikuwa ni yeye. Kukausha pleti zaidi kungempunguza kasi kidogo tu. Kuchora kwa ustadi zaidi kusingesaidia pia, kwa sababu hata seli moja ya Proteus iliyofika eneo la nne inaweza kuwafunika majirani zake kabla ya asubuhi.

Kwa Proteus unabadilisha chakula. Agari ya MacConkey ina chumvi za nyongo, na hapo hatambai. Anakaa kwenye koloni zake, zisizo na rangi, kwa sababu hachachushi laktosi. Ile iitwayo CLED nayo humzuia, kwa kuwa chumvi zake zimepunguzwa makusudi. Viduara vya zambarau, ambao tulidhani ni Staphylococcus, hawaoti kwenye MacConkey. Wao walihitaji pleti yao: agari ya manitoli yenye chumvi asilimia 7.5, ambayo wanaivumilia na wengi wengine hawaiwezi.

Kwa hiyo sampuli moja, pleti mbili mpya, kila moja ikichorwa maeneo manne kama kawaida. Asubuhi MacConkey ilikuwa na koloni bapa zisizo na rangi, zimejitenga eneo la tatu na la nne. Pleti ya manitoli ilikuwa na koloni za njano, na agari iliyozizunguka ilikuwa imebadilika kutoka nyekundu hadi njano, alama ya manitoli kuchachushwa, kama Staphylococcus aureus afanyavyo.

Wanafunzi walifurahi. Mimi niliwaambia wasiandike jibu bado.

Dalili: koloni iko nje ya mstari

Hili ni fupi. Bakteria uliowapanda wanaota ulipopitisha lupu. Koloni iliyo katikati ya nafasi tupu, mbali na mstari wowote, imeanguka kutoka hewani au kwenye kifuniko, na usiichukue hata ikiwa nzuri namna gani. Zima pangaboi kabla ya kufungua pleti. Inua kifuniko upande mmoja tu, kama unavyochungulia sufuria, usikiweke mezani. Na kila unapotengeneza kundi jipya la pleti, weka moja isiyopandwa kitu kwenye inkubeta kwa usiku mmoja. Ikiota, tatizo liko kwenye agari yenyewe na hakuna mchoro utakaoliponya.

Dalili: koloni imejitenga, lakini ukiipanda tena wanatoka wawili

Kosa hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu pleti ya kwanza haionyeshi chochote. Koloni ni ya mviringo, ina nafasi pande zote, kila mtu ameridhika. Unaichukua, unaipeleka moja kwa moja kwenye kipimo cha dawa, na jibu linaenda wodini.

Niliwahi kulipeleka jibu la namna hiyo, nikiwa bado mgeni kwenye kazi. Lilikuwa la kidonda pia. Nilichukua koloni za njano kwenye agari ya chumvi nikazipima dawa siku hiyo hiyo, na kwenye kidonge cha karatasi chenye tetrasaiklini, ambacho huacha duara tupu dawa ikifanya kazi, bakteria waliota mpaka kukigusa. Niliandika kuwa Staphylococcus ana usugu kwa tetrasaiklini. Ndani ya kile nilichopima kulikuwa na Proteus mirabilis, ambaye kwa asili yake hasikii tetrasaiklini hata kidogo. Staphylococcus wa mgonjwa yule alikuwa anasikia dawa hiyo vizuri, kama tulivyokuja kuona tulipomtenga. Nilimnyima daktari dawa iliyokuwa inafaa, na hadi leo nikiona mtu anaruka hatua ya pleti ya pili, jambo hilo hunirudia.

Kilichotokea ni hiki. Agari yenye chumvi au nyongo huwazuia bakteria fulani kuongezeka, lakini haiwaui wote. Seli zilizozuiwa hubaki juu ya agari zikiwa hai, hazionekani, hata chini ya koloni ya mwingine na pembeni yake. Ukiikwangua koloni nzima kwa lupu hadi ukagusa agari, unazibeba. Ukizipeleka kwenye chakula chenye lishe, huamka.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza, gusa kilele cha koloni tu, kwa ncha ya waya ulionyooka, usifike chini. Koloni ya milimita moja au mbili ina mamilioni ya seli. Huhitaji kuichota yote. La pili, ichore tena maeneo manne kwenye agari isiyozuia yeyote, kama ya damu au ya lishe ya kawaida, na uitazame asubuhi. Koloni zote zikifanana kwa umbo, rangi na ukubwa, na rangi ya Gram ikionyesha seli za aina moja, sasa una haki ya kusema ni safi.

Tulifanya hivyo kwa koloni ya njano ya sampuli yetu. Asubuhi, pleti ya damu ilikuwa na koloni za rangi ya krimu, nzuri, na kutoka eneo la kwanza pete mbili za utando zilikuwa zimeanza kutambaa. Proteus alikuwa amejificha humo humo kwenye pleti ya chumvi. Mwanafunzi aliyekuwa ameshika kalamu tayari kuandika jibu aliiweka chini bila kuambiwa.

Tulirudi kwenye pleti ya manitoli, tukachagua koloni nyingine iliyokuwa peke yake kabisa eneo la nne, ambako seli zilizojificha nazo zimepunguzwa kama wengine. Tuligusa kilele chake tu, tukaichora kwanza kwenye pleti mpya ya manitoli, na kesho yake tukachukua kilele cha koloni ya pleti hiyo tukaipeleka kwenye damu. Safari hii niliitazama pleti ya damu mapema, kama saa 14 tangu kuwekwa, kwa sababu Proteus akiwepo unataka kumwona akiwa na pete moja, kabla hajafunika ushahidi. Hapakuwa na pete. Kufikia saa 24 zilikuwa koloni za krimu tupu, na chini ya hadubini viduara vya zambarau peke yake. Kipimo cha koagulesi, kinachomtofautisha S. aureus na Staphylococcus wengine wengi, tulikifanya kutoka kwenye pleti hii ya damu, siyo ile ya chumvi, kwa kuwa chumvi nyingi inaweza kukivuruga.

Koloni zenye ute zina hila ya aina yake. Klebsiella hujifunika kibumba kinene, na koloni zake huvutika kama mlenda ukizigusa. Bakteria wengine hunasa kwenye ute huo. Mchoro mmoja wa ziada mara nyingi hautoshi. Chora mara mbili, hata tatu.

Na lipo swali lililo kinyume, ambalo huwachanganya watu wazima: koloni za maumbo mawili kwenye pleti moja, nyingine kubwa na nyingine ndogo. Je, ni bakteria wawili au mmoja mwenye sura mbili? Usikisie. Chukua kubwa uichore kwenye pleti yake, na ndogo kwenye yake. Kubwa ikizaa kubwa tupu na ndogo ikizaa ndogo tupu, zitibu kama mbili tofauti mpaka vipimo vya utambuzi viseme vingine, kwani hata aina moja, kama S. aureus, inaweza kuwa na uzao wa koloni ndogo unaojiendeleza. Kila moja ikizaa zote mbili, ama hujatenga bado, ama ni mmoja anayebadilika. Hapo rangi ya Gram ya kila umbo ndiyo itakayoanza kukuonyesha. Hakikisha pia udogo hautokani na msongamano: koloni zilizobanana hugombea chakula na kudumaa, huku ndugu zao wa eneo la nne wakinenepa. Linganisha zilizo mbali na wenzao tu.

Tahadhari moja kabla ya kuchoma lupu yenye usaha au koloni nzito: usiitumbukize ghafla katikati ya moto. Hurusha matone yenye bakteria walio hai. Anza kuipasha upande wa mpini, joto lisogee kuelekea kwenye kitanzi, kisha ndipo uiweke motoni. Na kama mgonjwa ni mfugaji mwenye homa isiyoisha na daktari anashuku Brucella, sampuli hiyo haichorwi kwenye benchi la wazi hata kidogo. Inahitaji kabati la usalama na watu waliofundishwa kwa ajili yake.

Proteus wa sampuli yetu alikuwa rahisi zaidi. Koloni moja isiyo na rangi kutoka MacConkey, ikachorwa tena kwenye MacConkey, ikatoka ya aina moja tu. Tuliipeleka kwenye agari ya damu kwa makusudi ili atambae, na alitambaa: pete safi kutoka katikati, bila koloni ya krimu hata moja chini yake. Siku sita baada ya swabu kufika, vipimo viwili vya dawa vilitoka kwenye pleti mbili tofauti, na kwenye ya Staphylococcus tetrasaiklini ilikuwa na duara pana, safi, lisilo na kitu ndani.